Lita thelathini na moja kwa gunia kumi na sita: kisa cha mashine ya kusaga Mbozi

Mama mwenye mashine hakunilalamikia ubovu. Injini inawaka, unga unatoka laini, wateja wapo. Alichosema ni hiki: "Fundi, watu wanapanga foleni tangu asubuhi, lakini jioni nikishamlipa kijana na nikatoa hela ya dizeli ya kesho, mkononi sina kitu." Alidhani kijana anamwibia. Kijana naye alijua kwamba anadhaniwa hivyo, na hali ilikuwa imekwishakuwa mbaya baina yao kabla sijafika.

Mashine ipo kijijini, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, mahali ambapo mahindi ndiyo chakula na ndiyo biashara. Nguzo za umeme zimepita barabara kubwa, lakini hapo zilikuwa bado. Injini ni ya Kichina ya silinda moja, aina ya ZS1115, yenye kibao kinachosema farasi 22 kwa mizunguko 2,200 kwa dakika, ya kupozwa kwa maji yanayochemka kwenye tangi la juu. Inazungusha kinu cha nyundo kwa belti mbili. Kazi yake karibu yote ni dona. Bei ya kusaga ni shilingi 1,200 kwa debe, na gunia moja ni debe sita, kwa hiyo gunia linaingiza 7,200. Dizeli inafika kwa madumu juu ya pikipiki, na wakati wa kisa hiki lita iliyofika mlangoni ilikuwa shilingi 3,000.

Kabla ya kugusa spana nilimwomba mama daftari. Alikuwa nalo, lakini liliandika fedha tu: iliyoingia, iliyotoka. Kwa fedha peke yake huwezi kujua injini inakula nini, maana bei ya dizeli hubadilika na wateja wengine husagiwa kwa mkopo. Tukaanza daftari jipya lenye vitu vinne tu kwa siku: saa injini ilipowashwa na kuzimwa, debe zilizosagwa, lita za dizeli, na oili iliyoongezwa. Dizeli tulipima kwa njia ya kizamani ambayo haikosei. Asubuhi tangi linajazwa mpaka alama tuliyokwaruza shingoni, na kila linapojazwa tena wakati wa mchana linajazwa kwa jagi la lita moja lenye alama, likirudi kwenye alama ileile jioni. Kilichomiminwa ndicho kilicholiwa. Jagi likae kwa kijana na hesabu aandike yeye mwenyewe, nilisisitiza hilo, maana mtu anayetuhumiwa ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya namba sahihi.

Baada ya siku sita wastani ulikuwa huu: injini inawaka saa 12, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, gunia 16, dizeli lita 31 na nusu, oili nusu lita ya kuongezea. Hiyo ni karibu lita mbili kamili za dizeli kwa gunia. Kwa dona ya kawaida na mahindi makavu, injini ya ukubwa huu ikiwa nzima na ikifanya kazi mfululizo hula lita moja na kidogo kwa gunia. Kwa hiyo kulikuwa na karibu lita nzima kwa kila gunia inayopotelea mahali. Wizi ungeweza kuwa jibu, na ndiyo maana ilitubidi tupime mbele ya wote.

Dizeli inalipwa mara mbili

Watu wengi wenye mashine hufikiri dizeli inaliwa na mahindi. Ni nusu ya ukweli. Sehemu moja inaliwa na mahindi, na sehemu nyingine inaliwa na saa. Injini inayozunguka bila mahindi bado inasukuma pistoni, inazungusha gurudumu zito, belti, mhimili wa kinu na nyundo zinazopiga hewa tupu. Yote hayo yanataka dizeli, kila dakika, mteja awepo asiwepo.

Tulipima sehemu hizo mbali mbali. Kwanza injini ikiwa imeshapata joto, belti zikiwa juu na kinu kikizunguka kitupu, kwa nusu saa: ilikula robo tatu ya lita, yaani lita moja na nusu kwa saa. Kisha tukatoa belti, nusu saa nyingine kwa mwendo uleule: nusu lita, yaani lita moja kwa saa. Kwa hiyo kinu kitupu peke yake kilikuwa kinakula nusu lita kwa saa kwa kupunga hewa na kusugua beringi. Mwisho tukakusanya gunia tatu na kuzisaga mfululizo, mdomo wa kinu usikauke. Kila gunia lilichukua dakika 24 na lita 1.45.

Ukiziweka pamoja unapata kanuni fupi ambayo mama aliiandika nyuma ya daftari:

```
lita za siku = (1.5 x saa) + (0.85 x gunia)
```

Hiyo 0.85 ni lita 1.45 ukitoa kile ambacho kinu kingekula hata kikiwa kitupu kwa zile dakika 24. Sasa jaribu kwa siku yake ya kawaida. Saa 12 mara 1.5 ni lita 18. Gunia 16 mara 0.85 ni lita 13.6. Jumla lita 31.6. Daftari lilisema 31.5.

Nilimtazama kijana wakati namba hizo mbili zilipokutana, na nilifurahi kwa ajili yake. Hakuna aliyekuwa anaiba. Kama dizeli ingekuwa inachotwa, daftari lingezidi kanuni kwa lita kadhaa, na lingezidi siku moja kuliko nyingine. Hapa zililingana. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nimemkosea mtoto wa watu." Alimwambia hivyo mbele yangu, na kazi ikaendelea.

Tazama tena ile lita 18. Zaidi ya nusu ya dizeli ya siku ilikuwa inalipia muda wa injini kuwaka, si mahindi. Na gunia 16 kwa dakika 24 kila moja ni saa 6 na dakika 24 za kusaga. Saa tano na nusu zilizobaki injini ilikuwa inangoja watu. Kungoja huko peke yake kulikula zaidi ya lita nane, zaidi ya shilingi 25,000 kila siku.

Kwa nini hakuizima

Swali la wazi ni kwa nini kijana hakuzima injini pasipo na mteja. Niliuliza, na jibu lake ndilo lililofungua kisa chote. "Nikiizima haiwaki. Asubuhi tunapiga hendeli watu wawili, tunapokezana, mpaka jasho." Alikuwa amefunga kwa waya mkono wa gavana, ule unaodhibiti mwendo wa injini, ili mwendo usishuke, akaacha injini ingurume hadi jioni. Kwake ilikuwa akili, si uzembe.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Kama mbano unavuja, au dizeli inaingia kwa matone badala ya ukungu, utapiga hendeli mpaka mkono uchoke. Kwa hiyo ugumu wa kuwaka ulikuwa dalili ya ugonjwa, na ugonjwa huo ulikuwa ukila dizeli na oili pia.

Nilifuata dalili moja baada ya nyingine. Moshi ulikuwa mweusi wakati wa kusaga na wa kijivu wakati wa kungoja. Kipumulio cha injini kilikuwa kikitoa moshi kwa mapigo, puf, puf, kufuata pistoni: hewa ya mwako inapita ringi za pistoni na kuingia kwenye tumbo la oili. Nilipozungusha hendeli polepole injini ikiwa imezimwa, bila kushika kile kishikio cha kuachia mbano, pistoni ilivuka kilele bila kunirudisha. Injini yenye mbano mzuri hukurudisha nyuma kama springi.

Kisha nikafungua chujio la hewa. Ni lile la bakuli lenye oili chini, ambalo hewa hupita juu ya oili na vumbi hunasa humo. Injini ilikuwa chumba kimoja na kinu, na unga unaoruka umeingia humo miezi mingi. Ndani ya bakuli hapakuwa na oili tena, palikuwa na uji mzito wa kijivu, umeganda. Matundu ya juu yalikuwa yamezibwa karibu yote. Injini iliyokosa hewa haiwezi kuunguza dizeli yake yote, ndiyo ule moshi mweusi, na Mbozi yenyewe iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa tayari ni nyepesi kuliko Dar es Salaam. Zile farasi 22 za kwenye kibao hazipatikani huku hata injini ikiwa mpya. Ukiongeza na chujio lililoziba, umeinyonga.

Oili isiyopungua

Hapa ndipo nilipojifunza kumsikiliza kijana kwa makini. Aliniambia jambo ambalo yeye aliliona kama habari njema: "Siku nyingine oili haipungui kabisa. Siku ya mnada tu ndiyo inapungua sana." Daftari lilimuunga mkono. Siku za wateja wachache, kijiti cha oili kilibaki palepale jioni. Siku ya mnada, gunia 25 au zaidi, aliongeza karibu lita nzima.

Oili isiyopungua kwenye injini ambayo kipumulio chake kinafuka moshi hivyo haiwezekani. Ama hupungua, ama kuna kitu kinachoongezeka mahali pake. Nilichomoa kijiti, nikanusa: harufu ya dizeli. Nikadondosha tone moja kwenye gazeti. Oili nzuri hukaa kama doa zito linaloenea taratibu. Hii ilitawanya duara pana jepesi kuzunguka doa jeusi, na kati ya vidole ilikuwa nyepesi kama mafuta ya taa.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Injini ikizunguka kitupu kwa saa nyingi silinda haipati joto la kutosha. Dizeli isiyoungua inabaki kwenye ukuta wa silinda, inaosha utando wa oili, inateremka kupita ringi zilizochoka na kuingia kwenye tumbo la oili. Kwa hiyo siku ya kazi ndogo oili inaungua kidogo, dizeli inaingia kidogo, na kijiti kinasimama palepale. Siku ya mnada injini inapata joto kweli, dizeli iliyomo inageuka mvuke na kutoka kwa kipumulio, na upungufu wa siku zote unaonekana kwa mara moja. Kijana alikuwa anaona oili inaliwa siku ya kazi kubwa. Ukweli ni kwamba ilikuwa ikiharibiwa siku za kungoja.

Dizeli huweza kuingia kwenye oili kwa njia mbili, na dawa zake ni tofauti. Pampu ya dizeli ya injini hizi imekaa juu ya chumba cha gia, na ikivuja ndani hudondosha moja kwa moja kwenye oili, hata injini ikiwa imezimwa. Njia ya pili ni nozeli, ile ncha inayopuliza dizeli ndani ya silinda, ikiwa inadondosha. Kutenganisha ni rahisi: tuliweka alama kwenye kijiti jioni injini ikiwa imepoa, tukaacha koki ya tangi wazi usiku kucha. Asubuhi oili ilikuwa palepale. Pampu ilikuwa haina kosa. Tukafungua nozeli, tukaigeuza nje ikiwa imeungwa na bomba lake, na kuzungusha hendeli. Nozeli nzima hupiga ukungu mwembamba kwa mlio mkavu. Hii ilitoa mchirizi, halafu tone likaning'inia kwenye ncha. (Usiweke mkono mbele ya nozeli ukifanya hivi. Mgandamizo ule hupenya ngozi, na dizeli ikiingia mwilini ni jambo la hospitali, hata kama kidonda kinaonekana kama cha sindano.)

Saa mia moja

Kuhusu kumwaga oili, mama alikuwa na utaratibu na aliufuata kwa uaminifu: kila mwisho wa mwezi. Tatizo ni kwamba injini haijui tarehe. Kwa injini ndogo za namna hii kipimo kinachotolewa kwa kawaida ni saa 100 za kuwaka, na mpya au iliyotoka kufunguliwa humwagwa mapema zaidi, saa 50. Sababu ni kwamba hazina filta ya kubadilisha kama ya gari. Kuna wavu tu unaozuia vipande vikubwa; masizi na vumbi laini vyote vinabaki vikizunguka ndani ya oili.

Kwa saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, oili yake ilikuwa inafanya kazi saa 312. Nilimfananishia na basi dogo la njia ya Vwawa hadi Mbeya: likienda kilomita 50 kwa saa, saa 312 ni zaidi ya kilomita 15,000 bila kumwaga oili, tena bila filta, na katika chumba chenye vumbi. Yeye aliyewahi kuwa na gari alielewa mara moja.

Aina ya oili haikuwa kosa. Alitumia SAE 40 ya injini za dizeli, na kwa injini isiyoamshwa kwenye baridi kali inafaa. Kosa lilikuwa kwenye kuongezea. Mara mbili au tatu kijana aliishiwa, akanunua kwa chupa oili iliyochujwa kutoka gereji. Hiyo ni oili iliyokwisha maisha yake kwenye gari la mtu mwingine. Rangi inaweza kusafishwa, lakini vile viungo vinavyobeba masizi na kuzuia kutu vimekwisha, na huwezi kujua ina dizeli au maji kiasi gani.

Tulichofanya

Kazi ilichukua Jumapili moja. Silinda ilipofunguliwa ukuta wake ulikuwa bado haujala kiasi cha kubadilisha, ila ringi zilikuwa zimelegea na mbili zimeganda kwenye mifereji yake kwa masizi. Tuliweka ringi mpya, gasketi mpya, na nozeli mpya. Tulimwaga oili, tukaosha wavu, tukaweka lita 4 mpya. Chujio la hewa liliondolewa mdomoni mwa injini na kuunganishwa kwa bomba pana linalotoka ukutani, upande ambao hauelekei vumbi la kinu wala barabara. Jambo hilo moja la bomba naliona kubwa kuliko nozeli, maana nozeli mpya kwenye injini isiyo na hewa ingerudi kuwa chafu baada ya miezi michache.

Upande wa kinu nyundo zilikuwa zimelika pembe moja, mviringo kama kidole gumba. Nyundo ya namna hii ina pembe nne, na watu huitupa wakiwa wametumia moja. Tulizigeuza. Wakati wa kuzirudisha tulizipima kwa mizani ya duka na kuweka zenye uzito sawa zikitazamana, kwa sababu zikipishana kinu hutetema na beringi hazidumu. Chekeche lilikuwa limetoboka upande mmoja na kushonwa kwa waya, tukaweka jipya la matundu yaleyale. Puli mbili hazikuwa kwenye mstari mmoja, na chini ya belti palikuwa na unga mweusi wa mpira. Zikanyooshwa, beringi zikapakwa grisi.

Gharama yote, vipuri na kazi, ilikuwa shilingi 165,000.

Tukapima tena vilevile. Kinu kitupu kilishuka kutoka lita 1.5 hadi 1.3 kwa saa. Gunia moja mfululizo sasa lilichukua dakika 20 na lita 1.2. Injini iliwaka kwa hendeli mtu mmoja, mzungusho wa pili. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa namba muhimu kuliko zote, kwa sababu sasa kijana aliweza kuzima.

Saa za kufungua

Bila kubadilisha saa, matengenezo yale yangeokoa kiasi. Kwa saa 12 na gunia 16, kanuni mpya, 1.3 kwa saa na 0.77 kwa gunia, inatoa lita 28. Ni nafuu ya lita tatu na nusu. Nafuu kubwa zaidi ilikuwa kwenye kungoja.

Mama alitangaza vipindi viwili: saa moja hadi saa nne na nusu asubuhi, na saa tisa na nusu hadi saa moja jioni. Jumla saa saba. Anayefika katikati anaacha mzigo wake, jina linaandikwa kwa mkaa juu ya mfuko, anarudi kuchukua unga. Ndani ya kipindi, kijana hawashi mpaka kuwe na debe sita mlangoni. Mapengo mafupi, ya dakika kumi au pungufu, anashusha mwendo tu, na ule waya wa gavana tuliukata. Zaidi ya hapo anazima, baada ya kuiacha inguruma taratibu dakika mbili ipoe sawasawa.

Sitaficha kwamba wateja walinuna. Mama mmoja aliyezoea kuja adhuhuri na kibaba cha jioni alihamia mashine ya kijiji cha pili. Wiki ya kwanza gunia zilishuka hadi wastani wa 14 kwa siku. Mama alinipigia simu ana wasiwasi, na alikuwa na haki. Tulifanya hesabu kwa simu: gunia 14 kwa saa saba ni lita 19.9, shilingi 59,700. Mapato 100,800. Ukitoa kijana 10,000, oili na vipuri pamoja kiasi cha 7,900, zinabaki zaidi ya 23,000.

Hiyo ilimtuliza, kwa sababu tulikuwa tumeshaandika siku ya zamani ilikuwaje. Gunia 16, dizeli 94,500, yaani shilingi 5,906 kwa gunia. Oili, nusu lita ya kila siku pamoja na lita 4 za mwezi, ni lita 17 kwa mwezi. Kwa shilingi 8,000 lita ni 136,000, ambayo ikigawanywa kwa gunia 416 za mwezi ni 327 kwa gunia. Kijana 625 kwa gunia. Nyundo, chekeche na belti tulikadiria 300. Jumla 7,158 kwa gunia linaloingiza 7,200. Shilingi 42. Kwa siku nzima ya saa 12, kelele na vumbi, alikuwa anabaki na shilingi 670. Aliposema hana kitu mkononi alikuwa anasema ukweli mtupu.

Wiki ya tatu gunia zilirudi 16. Dizeli lita 21 na nusu kwa siku, shilingi 4,031 kwa gunia. Oili ndiyo iliyomshangaza zaidi. Sasa anamwaga kila saa 100, ambayo kwa saa saba kwa siku ni kila baada ya wiki mbili na siku chache, mara mbili kwa mwezi badala ya moja. Lakini kuongezea kumeshuka hadi glasi ndogo, chini ya robo lita kwa siku. Jumla ni lita 12 kwa mwezi mahali pa 17, shilingi 230 kwa gunia. Anamwaga mara mbili zaidi na anatumia oili pungufu. Gharama yote ya gunia ikawa 5,186, na zinabaki 2,014, karibu shilingi 32,000 kwa siku. Zile 165,000 zilirudi kabla ya wiki ya pili kuisha, hata kwa gunia pungufu.

Namba hizi ni za dona, mahindi makavu, debe la kusawazisha. Debe la kichuguu huongeza kilo moja au mbili, na gunia lako la debe sita huwa zito kuliko unavyodhani. Ukibadilisha ujazo wa debe, badilisha hesabu. Mahindi yenye unyevu huziba chekeche na gunia linaweza kuchukua nusu saa. Bei ya dizeli pia haikai: EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na kila shilingi 100 ikipanda kwenye lita, kwa mashine hii gunia linapanda shilingi 134. Mama sasa anajua namba hiyo kwa kichwa.

Msimu wa mavuno ulipofika alitaka kurudi saa 12. Safari hii nilikubali, kwa sababu mahindi yalikuwepo ya kujaza saa hizo. Gunia 30, injini ikiwaka saa 11, kanuni ikasema lita 37 na kidogo. Daftari lilisema 38, lita 1.27 kwa gunia, chini ya wakati wowote. Ila saa 100 za oili sasa zinakwisha kwa siku tisa. Kijana amepaka chokaa kipande cha ukuta juu ya injini, na kila jioni anaandika hapo kwa mkaa saa zilizotimia. Nilipopita mara ya mwisho paliandikwa 87, na galoni ya oili ilikuwa imeshawekwa chini yake.